Saini 212 Si Watu 212

Juzi mwandaaji mmoja wa semina ya siku moja hapa Mwanza alinipigia simu kwa furaha. "Kaka, waliojisajili 240, saini ninazo 212. Waliokosa ni 28 tu!"

Hesabu hii nimeisikia mpaka nimeichoka. Ukichukua waliojisajili ukatoa saini, hupati waliokosa, kwa sababu orodha hizo mbili si za watu walewale.

Nilimwomba karatasi zake nikazipitia jioni. Watu 9 walikuwa wamesaini mara mbili: asubuhi mlangoni, na tena mchana walipodhani inapitishwa karatasi ya posho. Zikabaki saini 203. Katika hao, 38 hawakuwemo kwenye usajili kabisa, walisikia kwa wenzao wakaja. Kwa hiyo waliojisajili wakafika ni 165. Upande wa usajili nako, 12 walishatuma ujumbe mapema kwamba hawataweza. Hao wametoa taarifa, usiwaweke kundi moja na waliokaa kimya. Waliotarajiwa basi ni 228, na waliokosa ni 63, karibu asilimia 28. Yeye alikuwa anajivunia asilimia 12, kumbe wale 38 ndio walioziba viti. Siku akiwazuia mlangoni, atalipia sahani 63 zisizo na mlaji.

Dawa yake ni safu mbili tu kwenye Excel. Safu ya C weka hali ya mtu: "anatarajiwa", "ameghairi" au, kwa aliyekuja bila kujisajili, "papo hapo". Safu ya D weka muda alioingia, na asiyefika umwachie wazi. Kisha fomula hii ikupe sehemu ya waliotarajiwa ambao hawakufika:

```
=COUNTIFS(C2:C300,"anatarajiwa",D2:D300,"")/COUNTIF(C2:C300,"anatarajiwa")
```

Na tafadhali, mtafute mtu kwa namba ya simu, si kwa jina. Mtu yuleyule hujisajili kwa majina matatu, mlangoni akaandika la ukoo peke yake. Ila safu ya simu ipangwe kuwa maandishi kabla hujabandika namba, la sivyo sifuri ya mwanzo inamezwa, na 0754 ya mlangoni haitaonana na 754 ya kwenye usajili. Hili limewahi kunipotezea usiku mzima, ndiyo maana nalipigia kelele.

Waandaaji wengine husema, "Asiyefika saa 3 asubuhi hayupo." Hapana. Anayetoka Ukerewe anafuata ratiba ya meli ya Nansio, si ratiba yako. Meza ya usajili ibaki na mtu mpaka chakula cha mchana, kisha ndipo uhesabu.

Wengine nao, "Karatasi ya posho inatosha kuwa mahudhurio." Karatasi ya posho inaonyesha nani amelipwa, basi. Wapo wanaoingia saa 9 alasiri na kalamu mkononi.