Panya hashikwi mkia

Sisi tuliojifunza kazi ya maabara ya saikolojia kwa mtindo wa zamani tulielekezwa kumkamata panya kwenye shina la mkia na kumhamisha upesi. Nilifanya hivyo kwa miaka, nikiamini kwamba kitendo kisichoacha jeraha hakiwezi kuwa suala la maadili.

Mwaka 1959, William Russell na Rex Burch walipendekeza tujiulize mambo matatu kabla ya kumtumia mnyama: je, kuna njia isiyomhitaji, idadi inaweza kupunguzwa, na utaratibu unaweza kuboreshwa ili asiteseke? Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa maana jambo linaloweza kuchunguzwa kwa watu walioridhia halina sababu ya kupelekwa kwa panya. Hata hivyo, ni la tatu lililonibadilisha.

Mwaka 2010, Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walionyesha kwamba panya wanaobebwa ndani ya kibomba cha plastiki, au juu ya viganja, huukaribia mkono wa mtu kwa hiari, ilhali wanaoshikwa mkia huukwepa na kuonyesha wasiwasi zaidi katika vipimo. Mwaka 2017, Hurst na Kelly Gouveia waliwapa panya harufu za mkojo wa panya wengine ili kuona kama wangezitofautisha. Waliobebwa kwa kibomba walizisogelea na kuzitofautisha; walioshikwa mkia hawakuzichunguza vya kutosha, hivyo mtafiti asiyejua chanzo angeweza kuandika kwamba hawana uwezo huo, kumbe walikuwa na hofu tu.

Hofu hiyo hugusa pia idadi ya wanyama. Chukulia kwamba natafuta tofauti ya alama 10 kati ya makundi mawili, na mtawanyiko wa alama, yaani mkengeuko sanifu, ni 10: kwa kanuni ya kawaida ya kukadiria sampuli ninahitaji takriban panya 16 kwa kila kundi. Ikiwa utaratibu mtulivu utashusha mtawanyiko hadi 7, panya 8 kwa kila kundi watatosha, maana idadi hufuata mraba wa mtawanyiko. Lakini kupunguza bila hesabu ni kosa jingine: panya 5 wakitumika pale wanapohitajika 16, huenda jibu lisipatikane, na hao 5 watakuwa wameteseka bure. Vilevile, kumrudia mnyama mmoja katika majaribio mengi ili idadi ionekane ndogo ni kumtwika yeye mzigo wa wenzake.

Siku hizi kibomba hukaa kizimbani muda wote, panya wakikizoea kama sehemu ya makazi yao. Nikitaka kumhamisha mmoja, namwelekeza taratibu kwa mkono hadi aingie mwenyewe, kisha nakiinua kikiwa kimelala. Nikimshusha, mara nyingi hukaa humo kidogo, akinusa ukingo, kabla ya kutoka.