Intigreta na difarensheta: rezista ya kutuliza inakaa wapi, na kwa nini

Intigreta na difarensheta za opampu zinajengwa kwa vitu vile vile: opampu, rezista moja na kapasita moja. Ukizibadilishia nafasi rezista na kapasita, umetoka kwenye saketi moja ukaingia kwenye nyingine. Lakini ukizijenga kama zilivyochorwa, zote mbili zitakusumbua, na kila moja inataka rezista yake ya ziada. Wengi wanaongeza rezista hiyo kwa sababu mchoro unasema hivyo. Nataka tuione kazi yake kwa namba, kwa sababu magonjwa yenyewe ni mawili tofauti kabisa.

Tuchukue rezista ya kiloomu 10, kapasita ya nanofaradi 10, na opampu ya 741 inayolishwa volti 15 chanya na 15 hasi. Zidisha R kwa C, unapata milisekunde 0.1. Ingizo letu ni wimbi mraba la kilohezi 1, linaloruka kati ya volti +1 na −1.

Tuanze na intigreta. Rezista iko kwenye ingizo, kapasita iko kwenye mrejesho. Opampu inaushikilia mguu wake wa hasi karibu kabisa na volti sifuri, kwa hiyo ingizo likiwa volti +1, mkondo unaopita kwenye rezista ni mikroampea 100, wala haubadiliki. Mkondo huo hauna pa kwenda ila kwenye kapasita. Kapasita inayochajiwa kwa mkondo usiobadilika hupanda volteji kwa mstari ulionyooka, na hapa mwendo wake ni volti 10 kwa kila milisekunde. Nusu ya kipindi ni milisekunde 0.5, basi tokeo linashuka volti 5. Ingizo likigeuka kuwa hasi, linapanda volti 5. Hilo ndilo wimbi pembetatu, kati ya +2.5 na −2.5, likishuka pale ambapo ingizo ni chanya.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukiiwasha kweli, utaona pembetatu ikihama skrini nzima kuelekea juu au chini, kisha ikakwama karibu na volti 13 au 14 na kubaki mstari mtupu. Opampu ya 741 ina hitilafu ndogo kwenye ingizo lake, kwa kawaida kama milivolti 2. Kwa kikuzaji cha kawaida hilo si neno. Kwa intigreta, milivolti 2 zisizokoma ni ingizo kama ingizo lingine: zinajumlishwa kwa mwendo wa volti 20 kwa sekunde. Haiishi sekunde moja, tokeo limegonga ukomo. Mkondo mdogo unaoingia kwenye miguu ya opampu, kama nanoampea 80, nao unachangia.

Dawa yake ni rezista sambamba na kapasita, ili mkondo huo wa siku zote upate njia ya kupita bila kuijaza kapasita. Ukiweka kiloomu 100, ukuzaji wa volteji isiyobadilika unakomea kwenye 10, na zile milivolti 2, ambazo hukuzwa mara 11 kwa kuwa ziko kwenye miguu ya opampu yenyewe, zinatokea upande wa pili kama milivolti 22 tu, na mkondo wa miguu unaweza kuongeza milivolti 8 nyingine. Pembetatu inatulia katikati ya skrini.

Lakini rezista hiyo ina gharama, na hapa ndipo ninapotaka uangalie kwa makini. Sasa kapasita haichajiwi tena kwa mstari. Inafuata mkunjo unaoelekea volti 10, wenye muda wa milisekunde 1. Ukipima kilele utapata volti 2.45 badala ya 2.5, ukadhani kosa ni dogo. Ukipima mteremko, habari ni nyingine: mwanzoni mwa kila nusu ya kipindi ni volti 12.4 kwa milisekunde, mwishoni ni 7.6. Pande za pembetatu zimepinda, ingawa kilele kinaonekana sahihi. Kwa hiyo usiihukumu intigreta kwa kilele peke yake.

Weka megaomu 1 badala yake, na mteremko unakuwa kati ya 10.25 na 9.75, karibu kunyooka. Ila sasa ukuzaji wa volteji isiyobadilika ni 100. Kama jenereta yako ina milivolti 50 za ziada, au nusu ya juu ya wimbi ni ndefu kidogo kuliko ya chini, pembetatu nzima inahamia volti 5 mbali na sifuri. Kwa kilohezi 1 mimi huchagua megaomu 1, na kwanza huhakikisha wastani wa wimbi la ingizo ni sifuri. Ukishusha masafa hadi hezi 100 ukiwa na ile ya kiloomu 100, utapata wimbi mraba lenye kona za mviringo, kwa sababu chini ya hezi 159 saketi hiyo si intigreta tena; ni kikuzaji cha kawaida.

Difarensheta inaugua upande wa pili wa masafa. Kapasita iko kwenye ingizo, rezista kwenye mrejesho, na tokeo ni R mara C mara kasi ya mabadiliko ya ingizo, kwa ishara iliyogeuzwa. Wimbi mraba halibadiliki ila kwenye kingo zake, kwa hiyo tokeo ni sifuri pote isipokuwa mwiba mwembamba kila ukingo: kwenda chini ingizo linapopanda, kwenda juu linaposhuka. Urefu wa mwiba usiutumie kama kipimo. Ukingo wa volti 2 unadai mwiba mrefu kuliko opampu inavyoweza, na 741 yenyewe haipandi zaidi ya kama nusu volti kwa mikrosekunde.

Ugonjwa unaonekana vizuri zaidi ukiingiza ile pembetatu ya intigreta. Mteremko wa volti 10 kwa milisekunde unatakiwa kutoa volti 1 iliyotulia, yaani wimbi mraba la mwanzo linarudi. Utaliona, lakini baada ya kila ukingo kuna mtikisiko wa takriban kilohezi 40 unaofifia polepole, karibu nusu yote ya kipindi. Sababu ni kwamba kapasita na rezista zinauchelewesha mrejesho, na opampu nayo ina ucheleweshaji wake. Vikijumlishwa, mrejesho uliokusudiwa kutuliza unafika umechelewa kiasi cha kusukuma.

Dawa ni rezista ndogo mfululizo na kapasita ya ingizo. Ili uichague, tafuta masafa ya mtikisiko kwenye osiloskopu, kisha hesabu:

```
Rs = 1 / (2π · f · C)
```

Kwa kilohezi 40 na nanofaradi 10 inatoka omu 398. Mimi ningeweka omu 470, inayopatikana kirahisi. Mtikisiko unabaki mruko mmoja mdogo, kisha mstari unatulia ndani ya makumi machache ya mikrosekunde.

Ukiweka kubwa kupita kiasi, tuseme kiloomu 4.7, hakuna kitakachotikisika, lakini kingo zitaanza kuinuka kwa mkunjo wa mikrosekunde 47, na juu ya kilohezi 3.4 saketi itakuwa imeacha kazi ya difarensheta. Kwa hiyo ongeza omu kidogo kidogo ukitazama ukingo, na ukome mara tu mtikisiko unapoisha.