Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayogonga biti

Promo nyingi za bidhaa zenye maandishi yanayocheza zina kasoro moja: neno linaanza kusogea pale biti inapogonga. Macho hayahesabu mwanzo wa mwendo, yanahesabu pale neno linapotua. Neno likichukua fremu 8 kuingia, na ukaweka fremu kuu ya kwanza, yaani alama ya mwendo unapoanza, juu ya biti, litatua fremu 8 baadaye. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hiyo ni karibu theluthi ya sekunde, na mtazamaji ataona kitu kimelegea hata kama hawezi kusema ni nini.

Tuchukue promo ya sekunde 15 ya taa ya sola, na muziki wa mapigo 100 kwa dakika. Kila pigo ni sekunde 0.6, yaani fremu 15 kamili. Ndiyo maana prodyuza akiniuliza nataka kasi gani, humwomba 100 badala ya 104: kwa fremu 25, mapigo 104 yanatoa fremu 14.4 na kidogo, na ukizoea kuruka fremu 14 kila mara, baada ya baa chache, kila baa ikiwa na mapigo manne, maandishi yatakuwa yameshautangulia muziki. Kama kasi haibadiliki kuwa namba nzuri, piga hesabu ya kila pigo kutoka mwanzo wa wimbo, ndipo ukadirie fremu. Usijumlishe makadirio.

Neno kuu la promo hii ni "Inawaka", nalo linaingia baa ya tatu, sekunde ya 4.8, fremu ya 120. Hapa Kiswahili kina faida kubwa ambayo wabunifu wengi wanaiacha mezani. Mkazo wetu karibu siku zote huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: i-na-WA-ka. Ukiipa "i" pigo zito kwa sababu tu ndiyo ya kwanza, neno linasomeka kinyume na linavyotamkwa. Kwa hiyo napanga kurudi nyuma. "Wa" inatua fremu ya 120, pamoja na mwanga wa taa yenyewe. "I" inatokea fremu ya 105, pigo moja kabla. "Na" inaangukia nusu ya pigo, fremu 112.5, ambayo haipo, basi naiweka 112. "Ka" inafuata 127.

Kwa nini 112 na si 113? Picha ikitangulia sauti kidogo, ubongo unasamehe, maana hata katika maisha tunaona kabla ya kusikia. Sauti ikitangulia picha tunagundua haraka zaidi. Ukilazimika kukadiria, kadiria kuelekea nyuma.

"I", "na" na "ka" zinatokea tu, bila mwendo. "Wa" peke yake ndiyo inayokua: inaanza fremu ya 115, inafika asilimia 112 ya ukubwa wake kwenye fremu ya 120, kisha inatulia kwenye 100 ifikapo 125. Silabi zote nne zikirukaruka, hakuna inayosikika kwa macho. Neno zima linabaki hadi fremu ya 165 ili lisomwe.

Mteja akibadilisha maneno, angalia mkazo upya. "Nyumba" inagonga "nyu", lakini "nyumbani" inagonga "mba", kwa hiyo fremu kuu zote zinahama. Na yapo yasiyofuata kanuni: wengi hutamka "lazima" kwa mkazo wa "la". Litamke kwa sauti kabla hujaligawa.

Mstari wa "Saa kumi na mbili kwa chaji moja" siugawi kabisa. Ni taarifa, mtu anahitaji kuisoma na kuiamini. Unaingia mzima mwanzoni mwa baa ya nne, fremu ya 180, na unakaa baa nzima, sekunde 2.4. Nembo inaingia baa ya sita, sekunde ya 12, na haiondoki tena.

Kwenye programu ya After Effects, bonyeza L mara mbili upesi ili mawimbi ya sauti yaonekane, kisha sogeza muziki hadi mlipuko wa kwanza ukae kwenye fremu unayoitaka. Tumia WAV, MP3 nyingi hubeba ukimya mfupi mwanzoni unaovuruga hesabu yote.

Wakati wa kukagua, vua spika za masikioni za bluetooth, kwa sababu zinachelewesha sauti, nawe utajikuta unarekebisha kosa ambalo halipo. Halafu icheze kwenye simu, kwa spika yake yenyewe. Spika ndogo humeza ngoma nzito za chini, na kama "wa" imefungwa kwenye ngoma hiyo tu, mtazamaji ataona neno likigonga bila kusikia chochote. Hapo mwombe prodyuza aongeze kofi au njuga kwenye pigo hilohilo.