Irabu Mbili za Kauli ya Kutendwa katika Kiarabu

Aliyepita madrasa amehifadhi tangu utotoni aya ya tatu ya Surat al-Ikhlas, lam yalid walam yuulad, na anajua kuwa maana yake ni "Hakuzaa wala hakuzaliwa". Katika miaka yangu ya kufundisha sarufi ya Kiarabu nimeona kwamba wanafunzi wengi huisoma aya hii maisha yao yote bila kugundua kuwa yalid na yuulad ni kitenzi kimoja, chenye mzizi mmoja wa waw, lam na dal, kilichotajwa kwanza katika kauli ya kutenda na kisha katika kauli ya kutendwa.

Sisi Waswahili hatuitambui kauli hiyo upesi kwa sababu lugha yetu huijenga kwa njia nyingine kabisa: tunakiongezea kitenzi kiambishi, "andika" kikawa "andikwa" na "zaa" kikawa "zaliwa". Kiarabu hakiongezi herufi yoyote. Konsonanti za kitenzi hubaki zilivyo, na kinachobadilika ni irabu mbili tu.

Katika kitenzi cha wakati uliopita, yaani madhi, herufi ya kwanza hupewa dhumma na herufi iliyo kabla ya ile ya mwisho hupewa kasra, hivyo kataba (ameandika) huwa kutiba (kimeandikwa), na sami'a (amesikia), ambacho kina kasra yake tangu hapo, hubadilika mwanzoni tu kikawa sumi'a. Katika kitenzi cha wakati uliopo, yaani mudharii, dhumma hukaa kwenye kiambishi cha mwanzo, lakini herufi iliyo kabla ya mwisho hupewa fat-ha badala ya kasra: yaktubu (anaandika) huwa yuktabu (kinaandikwa). Irabu ya herufi ya mwisho haihusiki na kauli ya kutendwa hata kidogo, kwani katika mudharii hiyo hufuata neno lililotangulia. Ndiyo maana baada ya lam tunasoma yuulad kwa sukuni, na si yuuladu.

Turudi basi kwenye aya yetu. Umbo la asili la yalid lingekuwa yawlid, lakini Waarabu huiangusha waw inapokaa kati ya ya yenye fat-ha na herufi yenye kasra, kwa kuwa ni nzito kutamka. Tukikipeleka kitenzi hicho kwenye kutendwa, ya hupata dhumma na lam hupata fat-ha. Sababu iliyoiangusha waw imeondoka, na waw hurejea mahali pake. Kwa kuwa ina sukuni na imetanguliwa na dhumma, husikika kama u ndefu. Mwanafunzi anayedhani kuwa waw ya yuulad ni herufi iliyoongezwa ili kuonyesha kutendwa amekosea, kwa sababu herufi hiyo ni ya mzizi wenyewe.

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi zaidi ni la kuitegemea dhumma ya mwanzo peke yake. Mtu husoma yu'allimu, akaona ya yenye dhumma, akatafsiri "anafundishwa", ilhali maana ni "anafundisha". Vitenzi ambavyo madhi yake ina herufi nne, kama 'allama (amefundisha) na akrama (amekirimu), huanza kwa dhumma katika mudharii hata vikiwa katika kauli ya kutenda. Kwa vitenzi hivyo mpaka wa kauli mbili uko kwenye irabu ya pili pekee: yu'allimu ni anafundisha, yu'allamu ni anafundishwa. Nawasihi wanafunzi wangu waitazame kwanza herufi iliyo kabla ya mwisho, kisha ndipo warudi mwanzoni.

Mtenda akishaondoka, aliyetendwa hushika nafasi yake na kuitwa naibu wa mtenda, naye huchukua dhumma ambayo ingekuwa ya mtenda. Kataba l-waladu d-darsa, mtoto ameandika somo, huwa kutiba d-darsu, somo limeandikwa. Hapo Mswahili hutaka kuongeza "na mtoto", lakini katika Kiarabu fasaha kauli hii hutumika pale ambapo mtenda hatajwi, na ukitaka kumtaja unarudi kwenye kataba.

Ugumu hubaki katika maandishi yasiyo na irabu, ambamo kataba na kutiba huandikwa kwa herufi zilezile tatu. Hapo nomino inayofuata ndiyo hutoa ushahidi. Ukikuta kitenzi hicho kikifuatiwa na neno dars peke yake, angalia kama mwishoni pana alifu: ikiwepo, neno ni darsan, limetendwa na mtenda aliyefichika ndani ya kitenzi, nawe utasoma kataba darsan, "ameandika somo", isipokuwepo, neno ni darsun, na kwa kuwa somo haliwezi kuandika, usomaji unaobaki ni kutiba darsun, "somo limeandikwa".