"Nipe kitu plateleti zipande kesho": jamani, hazitengenezwi hivyo

Mtu akiona tu plateleti, zile chembe za damu zinazosaidia damu kuganda, zimeandikwa ziko chini, ombi ni lile lile: daktari nipe kitu, nikinywa leo kesho zipande. Nishalisikia mpaka basi, na kinachoniuma ni kwamba ndugu wanahangaika kutafuta cha kumnywesha mgonjwa wakati hakuna hata mmoja aliyemuangalia kama fizi zinatoka damu, kama choo ni cheusi, kama ngozi ina vidoa vyekundu.

Plateleti hazizaliani kwenye damu, hata kiini hazina. Ni vipande vya seli moja kubwa sana inayokaa kwenye uboho wa mifupa, inaitwa megakariosaiti. Hii seli inanakili DNA yake mara kadhaa bila kugawanyika, nyingi zinafika seti 16 wakati seli ya kawaida ina 2, inanenepa, inatengeneza mzigo wote ambao plateleti zitabeba, halafu inapenyeza mikono mirefu myembamba kwenye vimishipa vya uboho na hiyo mikono ndo inakatika vipande vipande damu ikipita. Seli moja inatoa plateleti elfu na zaidi, mwili mzima kama bilioni 100 kwa siku. Ila toka megakariosaiti changa ianze kukomaa mpaka plateleti ziingie kwenye damu ni kama siku 5, na hakuna kinywaji kinachoziruka hizo siku.

Na amri ya kutengeneza mwili ushaitoa kabla hujafika kwangu. Homoni inayohusika ni thrombopoetini, inatoka zaidi kwenye ini, na ini linaitoa karibu kwa kiwango kile kile muda wote. Plateleti zenyewe ndo zinaidaka na kuimeza, kwa hiyo zikiwa nyingi inabaki kidogo, zikipungua wa kuimeza hawapo, inabaki nyingi, inafika kwenye uboho na megakariosaiti zinaongezeka na kukua. Hakuna mtu wa kuukumbusha mwili.

Chukua mgonjwa wa dengue. Siku ya 4 ya homa ana plateleti 62,000 kwa mikrolita moja ya damu, siku ya 5 ana 38,000, siku ya 6 ana 31,000, jioni ile familia inaleta dawa yao ya kuongeza. Siku ya 7 zinakuwa 45,000, ya 8 zinafika 80,000, ya 9 zinafika 130,000, na sifa zote zinaenda kwenye ile dawa. Haya rudisha hesabu nyuma: plateleti mpya za siku ya 9 zinatoka kwenye megakariosaiti zilizoanza kukomaa kama siku ya 4, hiyo dawa haijanunuliwa bado! Kilichobadilika ni kwamba virusi vimepungua, uboho umeachiwa, na plateleti zimeacha kuharibiwa kwa kasi. Mashine ikiwa inapima plateleti changa, utaona asilimia yake inapanda hata kabla idadi yenyewe haijapanda, na mimi hicho ndo kipimo ninachokiamini kuliko kukimbizana na namba kila asubuhi.

Halafu kuna wale wa "zimeshuka basi uboho umekufa". Si lazima. Kwenye ITP, ambapo kinga ya mwili inazishambulia plateleti, ukiangalia uboho unakuta megakariosaiti zipo za kutosha, mara nyingine nyingi kuliko kawaida, shida kubwa ni plateleti kuondolewa mapema. Na kama namba iko chini kabisa ila mtu hana dalili yoyote, omba damu iangaliwe kwa darubini kwanza, kwa sababu kuna watu plateleti zao zinagandana kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande kabla ya kupimwa, na mashine inahesabu pungufu. Zikirudiwa kwenye chupa ya sitreti, dawa nyingine ya kazi hiyo hiyo, mara nyingi namba inarudi kawaida.

Wengine wanasema: "Zikiongezwa kwa dripu zinakaa." Plateleti yako mwenyewe inaishi siku 7 mpaka 10 tu, za kuongezewa zinaishi pungufu ya hapo, na kama kinachoziharibu bado kipo zinaweza kuisha ndani ya masaa. Kwenye dengue bila kutoka damu, mara nyingi hata hazihitajiki.

Na wengine: "Ni vipande tu, ndani hamna kitu." Wapi! Zimejaa vifuko: vingine vina fibrinojeni na protini nyingine za kugandisha damu na kuponya kidonda, vingine vina ADP ya kuziita wenzake, kalsiamu na serotonini. Ila kwa kukosa kiini haziwezi kujitengenezea vimeng'enya vipya vya maana, na ndo maana wanaosema "nilimeza aspirini juzi, ishaisha" wananipa presha. Aspirini yenyewe inaondoka kwenye damu haraka sana, ila plateleti ambayo kimeng'enya chake kimeguswa imeharibika mpaka ife, unasubiri uboho utoe mpya kama sehemu moja ya kumi kila siku. Kwa hiyo ukienda kufanyiwa upasuaji sema ulimeza lini, hata kama ni wiki iliyopita, na ukiwa na homa unayohisi ni dengue usiiguse kabisa.