Kichwa cha Jumamosi: kahawa inakutibu au inakuumiza?

"Asalaam aleikum dokta. Mie nikiumwa kichwa nakwenda barazani napiga vikombe viwili vya kahawa chungu, kinatulia. Mke wangu anasema hiyo hiyo kahawa ndo inayoniumiza. Nani mkweli?"

Waaleikum salaam kaka. Yawezekana nyote wawili, na ntakueleza kwa nini.

Mwilini mna kitu kinaitwa adenosini, kinajikusanya kadiri siku inavyokwenda, kinaleta usingizi na kinatanua mishipa ya damu ya kichwani. Kafeini iliyomo ndani ya kahawa inakwenda kukaa pale pale ambapo adenosini ingekaa, kwa hiyo mishipa inajibana kidogo, macho yanafunguka, na kwa watu wengi maumivu yanapungua. Ndo maana baadhi ya vidonge vya maumivu vimetiwa kafeini ndani yake. Panadoli Ekstra kwa mfano, kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65, ukimeza viwili umeshapata kafeini karibu ya bilauri nzima ya kahawa. Na kweli inasaidia, dawa yenye kafeini inatuliza zaidi kidogo kuliko ile dawa peke yake, iwe kichwa cha kubana, kile kinachokaza pande zote mbili kama umefungwa kitambaa, au kipanda uso, kile kinachogonga mara nyingi upande mmoja na kichefuchefu na mwanga hutaki kuuona.

Sasa mkeo naye ana haki yake. Ukinywa kila siku mwili unazoea, unaongeza sehemu za kupokelea adenosini ili ushindane na kahawa yako. Siku kahawa ikichelewa, adenosini inakuta milango mingi iko wazi, mishipa inatanuka kuliko kawaida, kichwa kinaanza. Hapo ukinywa kahawa kinatulia, nawe unasema kahawa ni dawa, kumbe imekutibu ugonjwa ulioletwa na kuikosa.

"Ntajuaje kama changu ni cha kukosa kahawa na si kipanda uso?"

Tazama saa. Kichwa cha kukosa kahawa kinaanza ndani ya siku moja tangu kikombe cha mwisho, mara nyingi baina ya saa 12 na saa 24, kinakuwa kikali zaidi siku ya kwanza na ya pili, na mtu akiacha kabisa kinaisha chenyewe ndani ya wiki moja hivi. Akinywa kinaondoka ndani ya saa moja. Huwa kinauma pande zote mbili na mtu anakuwa mzito, anapiga miayo, hana raha na mtu. Ila kwa aliye na asili ya kipanda uso, kukosa kahawa kunaweza kumzindulia kipanda uso chenyewe, kwa hiyo namna kinavyouma peke yake haitoshi kukwambia, lazima uandike.

"Niandike nini? Mie si mtu wa kuandika andika"

Daftari la skuli la mtoto linatosha, au simu, mistari miwili kwa siku, basi. Andika saa ulizokunywa kahawa na vikombe vingapi, chai ya rangi nayo uihesabu maana ina kafeini kama nusu ya kahawa, na soda za kola pia. Andika umelala saa ngapi na kama umekula asubuhi. Kichwa kikiuma andika kimeanza saa ngapi, upande gani, kinagonga au kinabana, umemeza nini na baada ya muda gani kimetulia.

Na hapa ndo wengi wanapoharibu, wanaandika siku za maumivu tu! Andika na siku ambazo hujaumwa. Bila ya hizo huwezi kumhukumu mtu wala kitu, kwa sababu utaona kahawa imo kila siku unayoumwa na utasahau imo pia kila siku usiyoumwa. Wiki nne ndo kipimo kizuri, chini ya hapo utababaishwa.

Nikupe mfano wa mwalimu mmoja wa Wete niliyekaa naye na daftari lake. Alikuja kwangu akiwa na yakini kwamba kahawa imempa kipanda uso na anataka kuiacha siku ile ile. Siku za kazi anakunywa vikombe viwili saa 1 asubuhi kwa muuza kahawa karibu na skuli, halafu vitatu saa 11 jioni barazani pamoja na kipande cha halua. Jumamosi na Jumapili asubuhi hanywi, anarudi kulala baada ya sala ya alfajiri kisha anakwenda shamba.

Katika wiki nne aliumwa mara 8. Mara 6 zote zilikuwa Jumamosi au Jumapili, zimeanza baina ya saa 4 na saa 6 mchana, pande zote mbili. Tukahesabu: kikombe cha mwisho Ijumaa saa 11 jioni, kichwa kimeanza Jumamosi saa 5 asubuhi, hapo zimepita saa 18. Siku za kazi pengo lake halizidi saa 14, kwa hiyo haumwi. Na kila mara alipopita barazani mchana akanywa, kimetulia kabla ya saa moja kwisha. Mwenyewe alikuwa anasema ni jua la shamba linamuuma, na jua la Pemba ni kali kweli, lakini daftari lilikuwa na siku mbili za kazi alizokwenda shamba jioni kuchuma karafuu na hakuumwa hata kidogo.

Mbili zilizobaki zilikuwa kitu chengine kabisa. Upande wa kushoto, kinagonga, akatapika mara moja, akajifungia chumbani giza mpaka usiku. Moja ilianza Jumatano saa 4 asubuhi, na kahawa yake ya saa 1 alishakunywa, kwa hiyo hakuikosa. Jumanne jioni yake alikuwa amekunywa vikombe vitano badala ya vitatu, akasema unaona dokta, hii hapa! Nikamwambia soma mstari wa juu yake. Alikuwa ameandika kwamba tangu alasiri anapiga miayo, shingo imekaza na roho inataka kahawa sana. Hizo zote ni dalili za kipanda uso kinachokuja, zinaweza kutangulia maumivu kwa saa nyingi, hata siku nzima. Yaani kipanda uso kilishaanza safari, na miayo ndo iliyompeleka kwenye kahawa. Isitoshe wiki moja nyuma alikuwa arusini, akanywa vikombe sita usiku, na kesho yake hakuna kitu. Zile siku mbili zilishirikiana jambo moja, usiku wa kuamkia alilala chini ya saa tano, na asubuhi hakula.

Sijamwambia aache kahawa. Nimemwambia Jumamosi na Jumapili anywe vikombe vyake viwili saa ile ile ya 1, na siku za kazi asiongeze. Wikiendi mbili zilizofuata hakuumwa.

"Kwa hiyo kahawa haizindui kipanda uso, ni maneno tu?"

La, inazindua kwa baadhi ya watu, na kiasi ndo kinachoamua. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2019 kule Boston, watu 98 wenye kipanda uso cha mara kwa mara walijaza daftari kila siku kwa wiki sita, kama hili nnalokwambia. Vipimo 1 au 2 vya kinywaji chenye kafeini kwa siku havikuonekana kuleta kipanda uso siku ile, vikifika 3 au zaidi uwezekano ukapanda. Kwa wale ambao kwa kawaida hawanywi, hata kipimo kimoja au viwili viliweza kupandisha. Kipimo chao cha kahawa ni kikombe kikubwa cha kama mililita 240, si vile vikombe vyetu vidogo vya barazani, lakini kahawa yetu inachemshwa ikakolea na mtu hanywi kimoja, kwa hiyo usijifariji kwa udogo wa kikombe.

Daftari likikuonesha kwamba siku ulizozidisha unaumwa zaidi kuliko siku ulizokunywa kawaida, na hali hiyo imejirudia mara tatu nne, basi punguza. Na uangalie usingizi, kwa sababu kahawa ya usiku nusu yake bado imo mwilini saa tano baadaye, na kukosa usingizi nako kunaweza kuzindua kipanda uso.

"Mie natumia Panadoli Ekstra karibu kila siku na bado kichwa kinarudi. Niongeze?"

Usiongeze dada yangu, tafadhali. Vidonge vyenye dawa mchanganyiko na kafeini ukivitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, vyenyewe vinaanza kuleta kichwa. Kinakuwa cha kila siku, kinakuamsha nacho asubuhi, unameza, kinapungua, jioni kinarudi. Parasetamoli tupu nayo inafanya hivyo ikifika siku 15 kwa mwezi. Hesabu siku na si vidonge, weka alama kwenye daftari kila siku uliyomeza. Ukiona zimefika 10 nenda kituo cha afya na daftari lako mkononi, wakupangie namna ya kuacha, maana siku za mwanzo za kuacha kichwa kinazidi kabla hakijapungua na wengi wanarudia dawa pale pale.

"Ramadhani siku tatu za mwanzo nakuwa sifai, nifanye nini?"

Anza Shaabani, wiki mbili tatu kabla. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku tatu nne, kwanza kile cha mchana, usiache kwa siku moja. Ukishaingia mwezi kunywa kikombe kimoja wakati wa daku na kimoja baada ya futari. Toka daku mpaka magharibi kwetu ni kama saa 13, kwa wengi pengo hilo linavumilika. Kunywa na maji ya kutosha usiku, kwa sababu njaa na kiu navyo vinaumiza kichwa na kahawa haitokusaidia hapo. Mwenye mimba asizidi kafeini miligramu 200 kwa siku, yaani vikombe vikubwa viwili vya kahawa, na chai imo kwenye hesabu hiyo.

"Lini nisingoje daftari?"

Kichwa kilichokuja ghafla kikafika ukali wake wote ndani ya dakika moja. Kichwa na homa na shingo ngumu. Mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Kichwa baada ya kuanguka au ajali. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50. Mja mzito mwenye kichwa kikali, macho yanaona ukungu, uso na mikono imevimba, huyo apimwe presha leo hii. Yote hayo ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana, na kikombe cha kahawa kisikuchelewesheni.