Ripoti ya umri wa madeni ni nini, na unaanza kumfuata nani?

Wahasibu wengi wanaiita eijing. Ni karatasi moja inayopanga wateja wako wote wa mkopo, kila mmoja na mstari wake, halafu deni lake limekatwa vipande kulingana na lilivyochelewa: haijafika muda, siku 1 mpaka 30, 31 mpaka 60, 61 mpaka 90, na zaidi ya 90. Ndo hivyo tu, dhana yenyewe haina ugumu. Ugumu uko kwenye kuisoma, sababu watu wengi wanaikamata wanaenda moja kwa moja safu ya mwisho kulia, wanaanza kupigia simu wale wa zaidi ya siku 90, na hapo unaweza kumaliza wiki nzima bila kuingiza hata laki.

Mi nashika hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini, saruji, bati, nondo, tunakopesha maduka na mafundi mpaka Newala na Lindi. Nachukua mfano unaofanana na ninayoyaona kila mwezi. Ripoti ya tarehe 31 Oktoba, jumla ya madeni ni milioni 26.6. Wateja watano. Mkandarasi wa Masasi anadaiwa milioni 14.5, yote ipo siku 31–60. Duka la Newala milioni 6.2, ipo 61–90. Mama mwenye duka Lindi mjini milioni 3.8 imesambaa safu tatu. Mteja wa Mikindani ana laki tisa zaidi ya siku 90. Na kuna mmoja wa zamani, milioni 2.1, huyo naye zaidi ya 90.

Kabla ya kushika simu safisha ripoti kwanza. Angalia Mikindani: kwenye safu ya zaidi ya 90 ana 900,000, lakini kwenye safu ya haijafika muda ana 900,000 yenye alama ya kutoa mbele yake, na jumla yake ni sifuri. Ukiona alama ya kutoa kwenye ripoti hii simama hapo hapo. Mara nyingi maana yake mteja ameshalipa, karani kaingiza pesa kwenye akaunti yake lakini hakuiunganisha na ankara husika, kwa hiyo ankara ya zamani imebaki inazeeka yenyewe. Huyo ukimpigia unamdai mtu asiye na deni lako, na kesho anahamia kwa mwingine.

Newala nayo ina jambo. Alichukua mzigo tarehe 12 Agosti na tulikubaliana atalipa mpaka 30 Novemba, wateja wake wakishapata pesa za korosho, sababu minada inaanza Oktoba na mkulima analipwa kupitia chama chake baada ya mnada. Ila sehemu ya muda wa malipo kwenye sistimu iliachwa tupu, kwa hiyo ikahesabu umri kuanzia siku ya ankara na sio siku ya mwisho ya kulipa, ikampa siku 80 za kuchelewa wakati hajachelewa hata siku moja. Hili kwetu huku kusini ni kubwa sana, biashara nyingi zinafuata msimu, na kama hujui ripoti yako inahesabu kuanzia wapi basi mwezi wa tisa na wa kumi itakuonyesha kila mtu ni mdaiwa sugu. Chukua ankara moja, hesabu siku kwa kidole kwenye kalenda, linganisha na safu iliyopo, utajua.

Ukishasafisha hivyo waliochelewa kweli ni watatu na pesa yao ni milioni 20.4. Sasa nani kwanza?

Swali ninalojiuliza mimi sio deni gani la zamani zaidi, najiuliza ni pesa ipi nikichelewa leo kesho itakuwa ngumu zaidi kuipata. Kwa swali hilo wa kwanza ni yule mama wa Lindi, ingawa deni lake ni dogo kuliko la mkandarasi. Ana milioni 1.6 kwenye siku 1–30, milioni 1.2 kwenye 31–60, na milioni 1 kwenye 61–90. Ukiitazama ripoti ya mwezi mmoja tu huoni kitu, weka ya Agosti na Septemba pembeni yake. Ile ankara yake ya Julai mwisho wa Agosti ilikuwa safu ya 1–30, Septemba ikawa 31–60, Oktoba 61–90, yani inatembea kulia, na nyuma yake zinafuata nyingine, na huyu zamani alikuwa analipa ndani ya muda. Halafu bado anachukua mzigo. Huyo duka limeanza kuyumba, na wanaomdai hatuko peke yetu, kwa hiyo atakayefika mapema ndo atakayekuta kitu. Kizuri ni kwamba bado anatuhitaji. Mzigo mpya unasimama, unampigia kwa heshima kabisa: "Shikamoo mama, gari lipo tayari kupakia, ila tumalizie kwanza ile milioni ya Julai, hizi nyingine tupangiane tarehe." Akishindwa hata hiyo milioni moja, nenda Lindi mwenyewe ukaone rafu zake zikoje.

Mkandarasi wa Masasi unamfuata siku hiyo hiyo, ila namna tofauti. Pesa ni nyingi na ankara ni tatu: milioni 6, milioni 3 na milioni 5.5. Kwenye hiyo ya mwisho anasema bati 30 hazikufika, kama laki tisa hivi, na kwa sababu ya laki tisa ameshikilia milioni 14.5 yote. Wengine wanachukulia ni visingizio. Mi nasema fungua kitabu cha stoo, angalia hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa saiti. Kama kweli bati hazikufika kosa ni letu, toa kredit noti ya 900,000 leo leo, deni linabaki milioni 13.6 na sababu ya kushikilia imeisha. Na hata kabla ubishi haujaisha dai zile milioni 9 za ankara mbili zisizo na ubishi. Kama anasema anasubiri malipo ya halmashauri muulize cheti cha malipo kimefikia wapi na kimesainiwa tarehe ngapi, mwenye cheti kweli atakujibu bila kuzunguka.

Newala hachelewi lakini mpigie katikati ya Novemba kumkumbusha tarehe, sababu pesa ya korosho ikiingia kila anayemdai anasogea dukani kwake siku hizo hizo.

Yule wa milioni 2.1 ndo wa mwisho, duka kafunga na ana mwaka sasa. Kwake tafuta kitu kimoja, barua aliyosaini kukiri deni na kiasi chake. Kwa sheria ya Tanzania madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na kukiri kwa maandishi yenye saini kabla muda haujaisha kunaanzisha hesabu upya. Ukishaipata barua, ile pesa iondoe kwenye mahesabu ya hela unayotegemea mwezi ujao, usije ukaagiza saruji kwa kuitegemea.